Kabla hujang'oa gego la juu, uliza habari za pua

Ninyi mnaoanza kazi kwenye kliniki za meno mtakutana mapema na mgonjwa anayeingia ameshika shavu, kidole kimeelekezwa kwenye gego la juu, anasema, "Dokta, hili ling'oe tu." Anaumwa kweli, ila jino alilolionyesha huenda halina kosa.

Sababu iko kwenye mfupa. Juu ya magego ya taya la juu kuna uwazi wenye hewa, ile sainasi ya shavuni. Mizizi ya magego hayo hukaribia sana sakafu yake, na kwa watu wengine hutenganishwa nayo na mfupa mwembamba mno. Mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye meno hayo hupita kwenye ukuta wa uwazi huo huo. Mafua yakiziba mlango wake, ute ukajaa na utando ukavimba, ubongo hupokea taarifa ya maumivu kana kwamba imetoka kwenye meno. Meno ya chini hayahusiki hapa. Anayelalamikia gego la chini msimtafutie sababu ya sainasi.

Nitawaeleza kisa cha mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Shavu la kulia lilikuwa zito, na alitaka tumng'oe jino namba 16, gego la kwanza la juu, kwa sababu lilikuwa na kijazo cha zamani. Nilimuuliza, "Dada, ulikuwa na mafua hivi karibuni?" Alikuwa nayo tangu wiki iliyotangulia, na pua ya kulia bado imeziba. Akaongeza jambo ambalo asingelisema bila kuulizwa: akiinama kufagia, au akishuka ngazi kwa haraka, meno yote ya upande ule huvuta kwa pamoja. Hiyo ni dalili ya kuitilia maanani. Jino bovu lenyewe huamshwa zaidi na chai ya moto, maji baridi au kutafuna.

Dalili peke yake haitoshi, lazima meno yapimwe. Niligonga taratibu kwa mpini wa kioo: namba 15, 16 na 17 yote yaliuma kidogo, kwa kiasi kilekile. Jipu kwenye ncha ya mzizi kwa kawaida humfanya mgonjwa aruke kwenye jino moja.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha baridi. Kausheni jino kwa pamba, kisha gusisheni barafu. Kama hamna dawa ya kupuliza, gandisheni maji ndani ya kifuniko safi cha sindano ya ganzi, mpate kijiti chembamba. Anzeni na jino zima la upande wa pili, ili mgonjwa ajue baridi ya kawaida ikoje, halafu pimeni kila jino la upande unaouma. Kiini chenye afya husikia baridi, na ukiondoa barafu hisia hupotea baada ya sekunde chache. Kilichovimba bila kupona huendelea kuuma, wakati mwingine kwa dakika nzima. Kilichokufa hakijibu kitu. Angalieni maji yasidondokee fizi, mtapata jibu la uongo. Na jino lenye kofia au la mzee linaweza kukaa kimya ilhali lina uhai.

Meno yote ya mwalimu yalijibu vizuri. Eksirei ilionyesha kijazo kizima na ncha za mizizi safi. (Mizizi ikionekana imeingia ndani ya sainasi kwenye picha msishtuke, mara nyingi ni vivuli vimepishana.) Hatukung'oa. Alipewa parasetamo na akaelekezwa kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa. Antibayotiki hakupewa, maana sainasi nyingi za mafua huletwa na virusi na hupoa zenyewe. Zikipita siku 10 bila nafuu, au mtu akapata nafuu kisha akazidiwa upya, ndipo bakteria hushukiwa. Aliporudi kwa ukaguzi pua ilikuwa imefunguka na meno yalikuwa kimya. Tungeling'oa, angepoteza jino zima na pengine tungefungua tundu kati ya kinywa na sainasi iliyojaa usaha.

Lakini msije mkaegemea upande mmoja. Sainasi ya upande mmoja tu, yenye uchafu unaonuka, inayorudi kila antibayotiki zikiisha, mara nyingi chanzo chake ni jino. Hapo tafuteni gego lisilojibu baridi, lenye kivuli kwenye ncha ya mzizi. Hilo litibiwe mzizi au ling'olewe, vinginevyo sainasi haitapona.

Na yeyote aliyevimba kuzunguka jicho, anayeona viwili viwili, au mwenye homa kali pamoja na shingo kukakamaa, apelekwe hospitali kubwa siku hiyohiyo, vipimo vya meno visubiri.