Nina mimba, baba ni mzee wa kanisa, nianzie wapi?

Bwana asifiwe mchungaji. Nina miaka 21, nasoma chuo hapa Mbeya, nina mimba ya miezi miwili na aliyenipa hapokei simu. Wazazi wako Tukuyu, baba ni mzee wa kanisa. Naogopa kumwambia, atanifukuza. Nifanyeje?

Asifiwe sana binti yangu. Usianze na baba. Soma Luka 1 kuanzia mstari wa 39, Mariamu alivyopata mimba alienda haraka nchi ya milimani kwa Elisabeti, jamaa yake, mama mtu mzima, akakaa kwake kama miezi mitatu. Sisemi habari yako na yake ni moja, hapana, ila angalia alikimbilia kwa nani. Na wewe mtafute Elisabeti wako. Kwetu huku mara nyingi ni shangazi, maana dada yake baba anaweza kumwambia kaka yake maneno ambayo mama yako akiyasema yeye ataanza kulaumiwa kwamba ndo amekulea vibaya.

Nenda kwa shangazi mwenyewe, usimwambie kwa simu. Mwambie yote, mimba ya muda gani na ni ya nani, usifiche kitu ukidhani unapunguza aibu, maana akienda kukutetea halafu jambo lingine likaibuka mbele ya baba hatakuwa na la kusema. Yeye atangulie Tukuyu, amwambie mama kwanza, halafu baba, na wewe siku hiyo usiwepo. Ukali wa kwanza wa mzazi una maneno mengi ambayo hata yeye hayamaanishi, si lazima uyasikie wewe. Ukiitwa, nenda na shangazi, omba msamaha mara moja, usibishane. Akisema ondoka, ondoka na shangazi ulale kwake, usiende kwa huyo kijana asiyepokea simu.

Baba anaogopa kanisa litasemaje, najua, wazee wenzangu nawafahamu. Asome Mathayo 1:19, Yusufu alikuwa hajajua bado ukweli wa ile mimba lakini Biblia inasema kwa vile alikuwa mtu wa haki hakutaka kumwaibisha Mariamu. Haki yake ilimfanya anyamaze! Na ukitengwa meza ya Bwana kwa muda, hiyo ni nidhamu, haijakufukuza ibadani, endelea kuja. Shangazi akishindwa, mchungaji wa pale usharikani aende kwa baba jioni nyumbani, sio kwenye kikao cha wazee.

Kliniki usisubiri haya yaishe, inatakiwa uanze kabla ya wiki 12, watakupima damu, HIV na kaswende. Zahanati nyingi wanataka uje na mwenza, asipokuwepo wanaomba barua ya serikali ya mtaa, ichukue mapema kwa mwenyekiti wa mtaa unakoishi. Na chuoni muone mshauri wa wanafunzi uulize utaratibu wa kuahirisha masomo kabla mitihani haijakukuta.