Afisa utumishi akikwambia "posho haina kodi", usisaini bado

Swali: "Wakuu, nimepata ofa. Kwa maelfu: mshahara wa msingi 600, nyumba 400, nauli 60, chakula 40. Wanasema 500 zote za posho hazikatwi kodi. Nisaini?"

Usisaini. Sentensi hiyo hiyo niliambiwa na afisa utumishi mmoja, tena kwa tabasamu, nikaimeza nzima.

Pale sheria inaposamehe posho, haina kodi mpaka kikomo chake tu. Kinachozidi kinaingia kwenye mshahara unaotozwa kodi. Vikomo hutegemea sheria ya kwenu, kwa hiyo vitafute. Kwa mfano tu, tuseme nyumba ni asilimia 30 ya mshahara wa msingi, nauli 60, chakula 80. Asilimia 30 ya 600 ni 180. Umepewa 400, kwa hiyo 220 zinatozwa kodi. Nauli imegota palepale. Chakula kimebakiza 40 na, sikiliza vizuri, hiyo 40 haihamii kwenye nyumba. Mhasibu wetu alikuwa anajumlisha vikomo vyote kuwa 320, anatoa kwenye 500, anapata ziada ya 180. Huyo ndiye alikuwa mwerevu wa ofisi. Kila posho inapimwa kwa kikomo chake, basi.

Kwa hiyo kodi inatozwa kwenye 820, siyo 600. Kama ngazi yako ya juu ya kodi ni asilimia 30, ile 220 inakula 66 kila mwezi. Wasipoikata, usishangilie. Wakaguzi wakija baada ya mwaka ni 792, zaidi ya mshahara wako wa msingi wa mwezi mzima, bila kuhesabu faini na riba. Mwajiri wangu aliibeba faini, kodi yenyewe akaikata kwenye mishahara yetu. Yule wa tabasamu alikuwa ameshahamia kwingine. Mimi miezi ile nilijulikana kama mtu wa "nitakurudishia".

Halafu angalia ujanja wenyewe: wamekushushia msingi ili posho inenepe, na kikomo cha nyumba kinahesabiwa kwa msingi huohuo. Wangekupa msingi 800 na nyumba 200, kikomo kingekuwa 240 na nyumba yote ingepona. Kodi ingetozwa kwenye 800 badala ya 820, jumla ni ileile 1,100, na kama mchango wa pensheni unakatwa kwenye msingi, nao ungekua. Ndiyo, kiasi cha mkononi kingepungua kidogo kwa ajili ya huo mchango, lakini hela hiyo ni yako.

Waombe slipu ya mfano kabla ya kusaini. Kila posho iwe na mistari miwili: isiyotozwa kodi, na ziada. Wakikuletea mstari mmoja ulioandikwa "posho 500", warudishie.