Kuthamini mkataba wa fowadi wa dola siku ya kufunga hesabu

"Wakuu, tuna mkataba wa fowadi na benki wa kununua dola mwezi wa pili, na hesabu tunafunga 31 Desemba. Mkaguzi anasema lazima tuuthamini na tuandike hasara. Bosi anauliza hasara gani na pesa haijatoka? Naandika nini, na hiyo namba naitoa wapi?"

Mkaguzi yuko sahihi. Nakuambia hivyo mtu ambaye mwaka 2024 nilikuwa upande wa bosi wako, tena kwa sauti ya juu, mpaka nilipokaa chini na kikokotoo.

Nilikuwa mhasibu wa kampuni ya spea Mombasa. Mzigo tunautoa Dubai, bili inakuja kwa dola. Walio Kenya wanakumbuka Januari ile: dola imefika 160, serikali ina Yurobondi ya dola bilioni 2 inayoiva Juni, na kila mwagizaji ana wasiwasi. Mwenye kampuni akaenda benki akafunga bei: dola 300,000 za kuchukuliwa 28 Juni 2024, kwa shilingi 168 kila moja. (Tarakimu nimezisawazisha kidogo ili ufuate kwa urahisi.) Februari serikali ikatoa Yurobondi mpya, ikaanza kununua ile ya zamani, na shilingi ikapanda kama imepigwa teke. Sisi hesabu tunafunga 31 Machi. Siku hiyo ilikuwa Jumapili ya Pasaka, kwa hiyo bei ya mwisho tuliyopata ni ya Alhamisi tarehe 28: dola moja shilingi 132.

Siku ya kusaini hukuandika kitu, na hukukosea. Bei ya mkataba siku hiyo ilikuwa ndiyo bei ya soko kwa tarehe ile ya mbele, kwa hiyo mkataba ulikuwa na thamani ya sifuri. Kuanzia hapo soko linatembea na mkataba wako umesimama. IFRS 9 inataka pengo hilo lipimwe siku ya kufunga hesabu na liingie kwenye faida na hasara, hata kama hakuna senti iliyotoka. Hata anayetumia IFRS ya kampuni ndogo hakwepi.

Sasa namba. Hapa ndipo nilipojikwaa. Nilichukua 168, nikatoa 132, nikapata 36, nikazidisha kwa 300,000: hasara milioni 10.8. Mkaguzi akairudisha. Kosa ni kwamba 132 ni bei ya dola unayoipokea leo, na mkataba wangu haukuwa wa dola za leo, ulikuwa wa dola za 28 Juni. Swali la kuuliza ni hili: mtu akiingia benki leo asaini fowadi ya 28 Juni, atapewa bei gani?

Bei hiyo haitoki hewani. Benki inayokuahidi dola za Juni inaweza kukopa shilingi leo, ikanunua dola, ikaziweka mpaka Juni. Kwenye shilingi inalipa riba, kwenye dola inapata riba, na tofauti inakutwika wewe. Wakati ule riba ya shilingi ilikuwa kama asilimia 16 kwa mwaka, yaani 4 kwa miezi mitatu, na ya dola kama 5.2, yaani 1.3 kwa miezi mitatu. Chukua 132, zidisha kwa 1.04, gawa kwa 1.013: unapata takriban 135.50. Benki yetu ilitupa bei hiyo hiyo isipokuwa senti chache.

Kwa hiyo pengo la kweli ni 168 kutoa 135.50, yaani 32.50 kwa kila dola, jumla milioni 9.75. Lakini maumivu hayo utayasikia Juni, si Machi, kwa hiyo unayarudisha kwenye thamani ya leo kwa riba ya shilingi ya miezi iliyobaki. Kwenye Excel:

```
=(135.50-168)*300000/(1+4%)
```

Jibu ni -9,375,000. Ukililinganisha na lile langu la kwanza, hasara niliyoandika ilizidi ya kweli kwa 1,425,000. Riba zikikaribiana tofauti hiyo ni ndogo na watu wengi hawagundui kwamba wanakosea. Riba ya shilingi ikiwa juu, inaonekana.

Maandishi yenyewe ni mafupi. Debiti hasara ya thamani ya mikataba ya fowadi 9,375,000; krediti dhima ya mikataba ya fowadi 9,375,000, kwenye mizania chini ya madeni ya muda mfupi. Usiandike zile milioni 50.4 za mkataba mzima kama deni na dola kama mali. Nimeona mtu akifanya hivyo, na mizania yake ikavimba bila sababu.

Bosi wako atauliza: "Sasa kinga ilikuwa ya nini kama imeleta hasara?" Mwonyeshe upande wa pili. Bili ya Dubai tuliipokea dola ikiwa 160, kwa hiyo vitabuni ilikaa kama milioni 48. Kwa IAS 21 deni hilo linabadilishwa kwa bei ya siku ya kufunga hesabu, 132 (hapa ndiyo bei ya leo inatumika, si ya fowadi), likawa milioni 39.6. Hiyo ni faida ya milioni 8.4. Zote mbili zinakutana kwenye faida na hasara, na kinachobaki ni hasara ya 975,000, ambayo kwa sehemu kubwa ni gharama ya riba ya kufunga bei mapema. Ila kama mzigo wenu bado haujafika na hakuna bili vitabuni, hasara ya fowadi itasimama peke yake. Mngeweza kuomba uhasibu wa kinga, lakini karatasi zake zinatakiwa ziwe zimeandaliwa tangu mwanzo wa kinga, haziandikwi Januari mkaguzi akiwa mlangoni.

Omba benki barua ya thamani ya mkataba kwa tarehe yenu ya kufunga hesabu, kisha uikokotoe mwenyewe. Usiruke hatua ya pili. Barua yetu ilikuja na namba chanya, na kijana wangu akaiingiza kama mali na faida. Chanya ilikuwa ya benki! Wao wakipata, sisi tumepoteza. Kosa la alama tu, na faida yetu ikawa imekosewa kwa milioni 18.75. Alijua vipi? Hakujua, mimi ndiye niliyeshtuka: tumefunga kununua dola kwa 168, dola imeshuka, faida itatoka wapi?

Kwa kodi ya Kenya hasara hii haijatimia, kwa hiyo tuliirudisha kwenye hesabu ya kodi na kuweka kodi iliyoahirishwa. Kwenu muulize mshauri wenu.

Siku ya kwanza ya mwaka mpya wa hesabu msiifute ile dhima, iacheni mpaka mkataba uishe. Kwetu sisi, Juni 28 dola ilikuwa karibu 129.50. Tulilipa benki 50,400,000 tukapokea dola zenye thamani ya 38,850,000, pengo 11,550,000. Dhima ya 9,375,000 ikafutwa, na 2,175,000 iliyobaki ikawa hasara ya mwaka mpya. Siku hiyo hiyo dola zikaenda Dubai.