Bosi anasema nimeiba mzigo

"Nauza duka la mtu. Bosi kahesabu mzigo, anasema umepungua wa laki tatu na mimi ndiye niliyechukua. Sijagusa hata pipi. Nianzie wapi?"

Pole sana mdogo wangu. Mimi yalinikuta Morogoro mwaka 2019. Mzee alifunga hesabu ya mwezi usiku, asubuhi akaniuliza mbele ya wateja: "Binti, pakiti 96 za sabuni ya unga umepeleka wapi?" Kwa shilingi 2,500 kila moja, ni 240,000. Mshahara wangu ulikuwa 150,000. Nililia mpaka nikashindwa kuhesabu chenji ya watu.

Nilipotulia nikaomba daftari. Mwezi tuliuanza bila sabuni hiyo, zikaingia katoni 30. Mzee aliandika pakiti 720, kwa kuwa miaka yote katoni ilikuwa na pakiti 24. Nilikuwa nimeuza 470 na fedha yake ilikuwa imetimia, kwa hiyo alitegemea kukuta 250. Rafuni zilikuwepo 10, stoo katoni 6 zilizofungwa, nazo alizihesabu 24 kila moja bila kuzifungua. Jumla 154.

Hiyo 96 ilinikaa kichwani. Mwizi wa dukani huchomoa moja leo, mbili kesho. Upungufu unaogawanyika sawasawa kwa katoni zilizofunguliwa una harufu ya kalamu. Tulikuwa tumefungua 24, na 96 kwa 24 ni 4, yaani kila katoni imepunguka pakiti nne.

Nikamwambia, "Mzee, shikamoo, naomba tufungue moja ya stoo." Akakata gundi kwa kisu cha mkate. Nikazipanga juu ya kaunta nne nne: mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano, katoni ikabaki tupu. Ishirini. Akaigeuza, na ubavuni imeandikwa 20. Kiwanda kilibadili ujazo, sisi tukaendelea kuandika kwa mazoea.

Kwa hiyo usianze kwa kuapa. Muulize ni bidhaa ipi na pakiti ngapi, maana "laki tatu" haihesabiki. Kisha fuata risiti ya mzigo, ujazo wa katoni, na vitu vilivyobebwa kwenda nyumbani kwa bosi bila kuandikwa. Hivyo vya nyumbani vimewaponza dada wengi ninaowafahamu.

Kama uko Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimruhusu kukukata kwa hasara mpaka iwe imetokana na kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu, kiasi na alivyokikokotoa, na akupe nafasi ya kupinga. Hata hapo makato hayavuki robo ya mshahara. Akikufukuza, una siku 30 kupeleka shauri CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoamua migogoro ya kazi.

Karatasi ya kukiri deni usiisaini. Mimi niliandaliwa, na ilikuwa bado juu ya kaunta, chini ya zile sabuni ishirini. Mzee aliichana mwenyewe.