Riba ya 9% iliyonigharimu 45%

*"Nina duka, nauza kwa shilingi. Benki inanipa mkopo wa mwaka mmoja, wa dola kwa riba ya 9% au wa shilingi kwa 14%. Wa dola si ndio nafuu?"*

Ndugu yangu, mimi nilichukua wa dola Januari 2023, kwa riba hizo hizo. Nilikuwa napanua biashara yangu ya mikate Mombasa, na wateja wangu wote hulipa kwa shilingi.

Nilikopa dola 10,000, za kulipwa zote pamoja na riba mwaka ukiisha. Kiwango rasmi kilikuwa kama 124, lakini benki ilizinunua dola zangu kwa 122, nikapata shilingi 1,220,000. Mwaka ule dola ziliadimika Kenya na shilingi ikashuka mwezi hadi mwezi. Januari 2024 nilidaiwa dola 10,900, na benki ile ile ikaniuzia kwa 163. Nikatoa shilingi 1,776,700. Gawanya nilichotoa kwa nilichopokea, unapata 1.456. Kwa shilingi ninazozichuma, riba yangu ilikuwa 45.6%.

Kinachoniuma hadi leo ni hesabu ambayo ningeweza kuifanya kabla ya kutia sahihi. Kama ningekopa shilingi 1,220,000 kwa 14%, ningelipa 1,390,800. Gawanya hizo kwa dola 10,900, unapata 127.6. Hapo ndipo mikopo miwili inalingana. Dola ikiuzwa juu ya hapo siku ya kulipa, wa dola ndio ghali. Na siku ile ile niliyokopa, benki ilikuwa tayari inauza dola kwa 126! Ile tofauti ya riba iliyonivutia ilikuwa inanikinga kwa shilingi moja na senti sitini tu. Nyingine yote ilikuwa imemezwa na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza.

Si kwamba dola hupanda tu. Aliyekopa Januari 2024 dola ikiwa 160, akalipa Januari 2025 ikiwa 129 hivi, alirudisha shilingi chache kuliko alizopokea, hata pamoja na riba. Lakini shilingi iliinuka Februari 2024, serikali ilipopata fedha za kulipia Eurobondi, deni lake la dola lililotakiwa kulipwa Juni. Mwenye duka hana namna ya kulipangia jambo kama hilo.

Ukipewa marejesho ya kila mwezi, hasara hupungua, maana sehemu ya deni inatoka kabla dola haijaenda mbali. Bado kila rejesho litakujia na bei yake, na mkate huwezi kuupandisha bei kila mwezi.

Kabla hujajibu benki, waulize leo wananunua dola kwa ngapi na wanauza kwa ngapi. Kisha tafuta kiwango chako cha kulinganisha:

```
bei ya kununua × 1.14 ÷ 1.09
```

Linganisha jibu na bei yao ya kuuza ya leo. Ukitaka, weka namba hizo hapa tuzipige pamoja.