Mafuta ya nazi yanatoka kahawia

"Nipo Tanga. Mafuta yangu yanatoka kahawia, yananuka moshi. Na ya dukani nitajuaje hayajasafishwa kiwandani?"

— Dada, umechelewa kuepua. Acha tui zito litulie usiku kucha, kisha engua mafuta yaliyoelea na umwage maji ya chini. Pika kwa moto mdogo ukikoroga. Mlio wa kutokota ukififia, maji yamekwisha. Epua mashapo yakiwa rangi ya dhahabu, maana sufuria ya moto bado itayakaanga. Chuja kwa kitambaa kikavu.

— Ya asili huganda, ndiyo alama yake.

— Kuganda hakutoshi, ndugu. Yote huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Nusa: yaliyosafishwa karibu hayana harufu wala ladha ya nazi.

— Yangu yana harufu ya mbata kuukuu, je?