Kurusha zefe laivu kwa intaneti finyu: pima kwanza, kisha chagua ukubwa wa picha

Nyinyi mnaoanza kazi hii Mombasa, swali la kwanza mnaloniuliza huwa ni la kamera. Mimi huwauliza: pale mtakaporushia, kasi ya kupandisha ni ngapi? Ile ya kushusha haitusaidii kitu, ingawa ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye matangazo ya bando.

Tuchukue harusi ya Mji wa Kale, maana ndiyo kazi inayokuja mara nyingi. Nikaha inasomwa msikitini, kisha zefe linashuka vichochoroni kwa dufu, na jamaa walioko Maskati na London wanataka kuona. Nyumba za huko zina kuta nene za matumbawe, na kuta hizo hulimeza wimbi la simu. Modemu iweke dirishani au juu ya paa, uvute waya hadi kwenye kompyuta. Pima saa ile ile ambayo shughuli itafanyika, mara tatu, kwa sababu jioni mnara hubeba watu wengi kuliko asubuhi. Tuseme umepata Mbps 4.1, kisha 3.4, kisha 2.2. Wengi huchukua wastani. Chukua 2.2, na hata hiyo usiitumie yote: asilimia 70 yake ni kama Mbps 1.5, na hapo ndipo mwisho wako, picha na sauti pamoja.

Hilo baki lina kazi yake. Ukirusha kwa RTMP, ile itifaki ya kupeleka picha na sauti kwenye seva, data ikipotea njiani hutumwa tena. Mnara ukizidiwa kwa sekunde chache, foleni hujaa kwenye kompyuta yako, na foleni ikizidi, OBS, programu tunayorushia, hutupa fremu. Mtazamaji anaona bwana harusi ameganda na kilemba chake.

Sasa gawa hiyo Mbps 1.5. Sauti ipe kbps 128, usiibane, kwani watu huvumilia picha yenye ukungu lakini hawavumilii khutba inayokatika. Picha inabaki na kbps 1350 hivi. Ukichagua 1280x720 kwa fremu 25, kila sekunde una pikseli milioni 23 za kulisha, na kila pikseli inapata biti 0.06 tu. Kwa watu walioketi msikitini inatosha. Zefe likianza, vichwa vinayumba, ukuta unapita nyuma yao, na picha nzima inageuka vigaevigae. Ukishuka hadi 960x540, pikseli ni milioni 13 hivi na kila moja inapata biti 0.10. Kwenye simu, ambako wengi hutazamia, picha hii ndogo iliyo safi ni bora kuliko ile kubwa iliyochafuka.

Basi pangia zefe, usipangie nikaha. OBS haikuruhusu kubadili ukubwa wa picha ukiwa hewani, itabidi ukate matangazo.

```
Output (Scaled) Resolution: 960x540
Common FPS Values: 25 PAL
Rate Control: CBR
Bitrate: 1350 Kbps
Keyframe Interval: 2 s
Audio Bitrate: 128
```

Kwa nini 25 na si 30? Umeme wa Kenya ni wa hezi 50. Kamera ikiwa kwenye fremu 25 na shata 1/50, taa za ukumbini hazipigi mistari, na juu ya hayo umepunguza fremu tano ambazo zingekula biti. Fremu 60 ziache kabisa kwenye njia nyembamba kama hii. Kwa mpira wa mtaani hesabu ni nyingine: hapo shikilia fremu 30 na upunguze ukubwa wa picha hadi 854x480, maana mpira unaoruka kwa vituo haufuatiki.

Mkiwa hewani, fungua dirisha la Stats na mlitazame kuliko mnavyoitazama picha. Namba ya Dropped Frames (Network) ikipanda, shida ni njia: punguza Bitrate au sogeza modemu. Ikipanda ile ya encoding lag, intaneti haina kosa, ni kompyuta imelemewa, na kununua bando jingine ni kutupa pesa. Namtumia kila mgeni wa kazi hii picha ya dirisha hilo, na bado kuna anayelaumu mtandao huku feni ya laptopi yake ikivuma kama posho mili.

Pia washeni kile kisanduku cha kubadili Bitrate yenyewe njia ikibanwa, kiko Advanced, sehemu ya Network. Picha itafifia kidogo badala ya kuganda.

Na bando: Mbps 1.5 hula kama MB 675 kwa saa. Zefe haliishi kwa wakati uliopangwa, kwa hivyo kwa kazi ya saa tatu nunua GB 4, na ufanye jaribio la robo saa kabla wageni hawajafika, matangazo yakiwa yamefichwa.